Saa Ipande au Ishuke: Namna ya Kusikilizana na Chipu kwa Nyaya Nne

ADXL345 ni chipu ya kupima mchapuko inayotengenezwa na kampuni ya Analog Devices. Ina upana wa milimita 3 na urefu wa milimita 5, na ukiifunga kwenye mwili wa pampu ya maji au mota ya mashine ya kusaga, inakuambia jinsi mwili ule unavyotikisika katika mielekeo mitatu. Beringi ikianza kuchakaa, mtikisiko hubadilika kabla sikio halijasikia chochote. Ndiyo maana mafundi wengi wa vifaa vya kielektroniki huanza nayo wanapotaka kujenga kifaa cha kuchunga mashine.

Fundi anaweza kuiunganisha vizuri, umeme ukawa sahihi, programu ikakubali bila lawama, na bado akapata jibu la ajabu. Kila chipu ya ADXL345 ina namba ya utambulisho iliyochongwa ndani yake kiwandani, nayo ni 0xE5. Fundi anaiomba namba hiyo kama salamu ya kwanza, naye anapata 0x72. Anawasha na kuzima, anabadilisha nyaya, ananunua chipu nyingine, na bado ni 0x72. Mtu akiona hivyo hudhani chipu ni bandia au imeungua.

Tuziandike namba hizo mbili kwa biti, yaani kwa sifuri na moja kama zinavyosafiri kwenye waya. 0xE5 ni 11100101. 0x72 ni 01110010. Zitazame kwa utulivu: ya pili ni ile ile ya kwanza iliyosukumwa nafasi moja kwenda kulia, sifuri ikaingia mbele, na ile moja ya mwisho ikadondoka nje. Chipu imejibu sawasawa kabisa. Aliyekosea ni msikilizaji, ambaye amesikiliza kila biti kabla ya wakati wake. Kosa hilo lina mahali pake pa kurekebishwa, nalo ni maamuzi mawili madogo yanayoitwa CPOL na CPHA. Majibu yake yamo kwenye detashiti ya chipu, kwa anayejua pa kutazama.

Njia inayotumika hapa inaitwa SPI. Ilitoka kwa kampuni ya Motorola katika miaka ya 1980, na ilienea kwa sababu ni rahisi kujenga. Waya wa kwanza ni wa saa, na kwenye detashiti ya ADXL345 umeandikwa SCLK. Saa hii haisemi ni saa ngapi. Ni umeme unaopanda na kushuka kwa mapigo, na anayeupiga ni mikrokontrola peke yake. Waya wa pili hupeleka biti kutoka mikrokontrola kwenda kwenye chipu, na wa tatu hurudisha biti kutoka kwenye chipu. Wa nne, CS, ni wa kuchagulia: mikrokontrola inapoushusha, chipu inajua kwamba maneno yanayofuata ni yake, na unapopanda mazungumzo yamekwisha. Kwa kila pigo la saa, biti moja inakwenda na biti moja inarudi kwa wakati mmoja. Mapigo manane yanatimiza baiti.

Kwenye vibao vidogo vinavyouzwa madukani, majina ya nyaya hizi yanaweza kuchanganya. Kibao cha GY-291, ambacho kimebeba ADXL345, kina pini zilizoandikwa SDA na SCL, kwa kuwa chipu hiyo hiyo inaweza pia kuzungumza kwa njia nyingine ya nyaya mbili. Ukiitumia kwa SPI, SCL ndiyo saa, SDA ndiyo inayopokea biti kutoka kwa mikrokontrola, na SDO ndiyo inayojibu. Tena chipu hii ni ya volti 3.6 kwa juu kabisa. Itumie na ubao wa volti 3.3, ukiwa na ubao wa volti 5, weka kibadilisha volti katikati.

Sasa tuje kwenye kiini. Biti inapokuwa kwenye waya, haikai milele. Kuna wakati inawekwa, kuna wakati imetulia na inaweza kusomwa, na kuna wakati inaondolewa ili inayofuata iingie. Ni kama mafundi wawili wanaopokezana matofali kwenye jengo: mmoja hunyoosha tofali kwa pigo moja, mwenzake hulipokea kwa pigo linalofuata. Wakinyoosha na kupokea kwa pigo lile lile, mkono unafika kabla tofali halijafika. Katika SPI, mapigo hayo mawili ni kupanda kwa saa na kushuka kwa saa. Moja hutumika kubadilisha biti kwenye waya, lingine hutumika kuisoma. Pande zote mbili hubadilisha kwa tukio moja na husoma kwa tukio lingine, na ni lazima zikubaliane lipi ni lipi.

Jambo la pili la kukubaliana ni mahali saa inapopumzika. Kabla ya mazungumzo kuanza, waya wa saa lazima uwe mahali fulani: chini, yaani karibu na volti sifuri, au juu, kwenye volti za umeme wa ubao. Hilo ndilo CPOL. Sifuri maana yake saa inapumzika chini, moja maana yake inapumzika juu.

CPHA hueleweka vibaya mara nyingi, kwa sababu watu hudhani inasema moja kwa moja kama biti inasomwa saa inapopanda au inaposhuka. Haisemi hivyo. Inahesabu kutoka kwenye mapumziko. Saa ikiondoka mapumzikoni, hilo ni badiliko la kwanza. Ikirudi, hilo ni la pili. CPHA ikiwa sifuri, biti inasomwa kwenye badiliko la kwanza. CPHA ikiwa moja, biti inasomwa kwenye badiliko la pili, na lile la kwanza hutumika kuiweka biti kwenye waya. Kwa hiyo huwezi kujua kama ni kupanda au kushuka mpaka uwe umejua CPOL. Saa inayopumzika chini huanza kwa kupanda. Inayopumzika juu huanza kwa kushuka.

Kutokana na hayo zinapatikana hali nne, ambazo programu huzipa namba kuanzia 0 hadi 3. Huna haja ya kukariri jedwali. Chukua CPOL, izidishe mara mbili, ujumlishe CPHA, utapata namba ya hali. Ila kuna jambo moja linalofaa kushikwa. Katika hali ya 0 saa inapumzika chini na biti inasomwa kwenye badiliko la kwanza, yaani kupanda. Katika hali ya 3 saa inapumzika juu, inashuka kwanza, na biti inasomwa kwenye badiliko la pili, ambalo pia ni kupanda. Hali hizi mbili, ambazo namba zake ziko mbali kabisa, zinasoma kwa tukio moja. Hali ya 1 na ya 2 nazo ni jozi: zote husoma saa inaposhuka.

Tuifungue detashiti ya ADXL345. Katika sehemu inayoeleza mawasiliano, imeandikwa wazi kwamba mwendo wa juu kabisa wa saa ni megahezi 5, na kwamba mpangilio wa wakati unafuata CPOL = 1 na CPHA = 1. Moja mara mbili ni mbili, ukijumlisha moja ni tatu. Hali ya 3. Kazi ingeweza kuishia hapo, lakini si kila detashiti ina hisani hiyo. Nyingi hazitaji CPOL wala CPHA popote. Zinakupa mchoro wa mawimbi tu na kukuachia usome mwenyewe. Kwa hiyo tutumie chipu hii ambayo jibu lake tunalijua ili tujifunze kuusoma mchoro.

Mchoro una mistari minne, mmoja kwa kila waya, na wakati unakwenda kutoka kushoto kwenda kulia. Anza na mstari wa CS, utafute mahali unaposhuka. Kisha shuka moja kwa moja kwa kidole mpaka kwenye mstari wa saa, utazame saa iko wapi wakati ule. Kwa ADXL345 iko juu. Hiyo ni CPOL = 1, na umeipata bila kusoma neno hata moja.

Halafu tazama mistari ya data. Kila biti imechorwa kama kisanduku kirefu, na visanduku vinapokutana mistari inakatizana kwa umbo la X. Kwenye X biti inabadilika. Katikati ya kisanduku biti imetulia. Panda kwa kidole kutoka kwenye X ya mstari wa SDO hadi kwenye saa. Utakuta saa inashuka. Panda tena kutoka katikati ya kisanduku, utakuta saa inapanda. Basi chipu hii hubadilisha biti saa inaposhuka, na biti zinasomwa saa inapopanda. Saa ilikuwa juu, badiliko la kwanza ni kushuka, la pili ni kupanda, na kusoma ni kwenye la pili. CPHA = 1.

Kuna uthibitisho mwingine chini ya mchoro, kwenye jedwali la nyakati, nao ni mzuri zaidi ya mchoro kwa sababu mchoro unaweza kuchorwa kwa haraka. Tafuta mistari miwili ya kiingilio: muda ambao biti lazima iwe imetulia kabla ya kusomwa, na muda ambao lazima iendelee kutulia baada ya kusomwa. Kwa ADXL345 kila mmoja ni nanosekunde 5, na unapimwa kutoka saa inapopanda. Tafuta pia mstari wa kitokeo, unaosema chipu itachukua muda gani kubadilisha jibu lake. Huo ni hadi nanosekunde 40, na unahesabiwa kutoka saa inaposhuka. Tukio linalotajwa kwenye mistari ya kiingilio ndilo la kusomea. Tukio linalotajwa kwenye mstari wa kitokeo ndilo la kubadilishia. Detashiti ikikunyima kila kitu kingine, hii haitakunyima.

Programu yenyewe ni fupi. Kwa ubao unaotumia mazingira ya Arduino, kuomba utambulisho ni hivi:

```
SPI.beginTransaction(SPISettings(1000000, MSBFIRST, SPI_MODE3));
digitalWrite(CS, LOW);
SPI.transfer(0x80);
byte id = SPI.transfer(0x00);
digitalWrite(CS, HIGH);
SPI.endTransaction();
```

Saa imewekwa megahezi 1, chini sana ya kikomo, ili mwendo usiwe mshukiwa tunapotafuta kosa. Baiti ya kwanza, 0x80, ni ombi. Biti yake ya mbele kabisa ikiwa moja, maana yake ni kusoma. Ikiwa sifuri, ni kuandika. Biti ya pili ikiwa moja, chipu inaambiwa kwamba zitapita baiti kadhaa mfululizo. Sita zilizobaki ni anwani ya rejista, na rejista ya utambulisho iko kwenye anwani sifuri. Baiti ya pili tunayotuma haina maana yoyote kwa chipu. Tunaituma kwa sababu bila mapigo ya saa chipu haina namna ya kusukuma jibu nje.

Sasa badilisha neno moja tu, SPI_MODE3 liwe SPI_MODE2, utaiona ile 0x72. Tufuatilie kwa nini. Katika hali ya 2 saa bado inapumzika juu, kwa hiyo mwanzo ni sahihi. Lakini mikrokontrola sasa inasoma saa inaposhuka na kubadilisha inapopanda, kinyume kabisa cha chipu. Ombi linafika salama kwa bahati: chipu inasoma saa inapopanda, na mikrokontrola inabadilisha biti wakati huo huo, ila kwa kawaida inachelewa kidogo, na ucheleweshaji huo wa nanosekunde chache unatosha chipu kuishika biti kabla haijaondoka. Pigo la nane likimalizika, chipu imeelewa.

Tatizo ni kwenye jibu. Pigo la tisa, saa inashuka. Chipu inaanza kuweka biti ya kwanza ya 11100101 kwenye waya, lakini inahitaji nanosekunde kadhaa. Mikrokontrola haingoji, saa imeshuka, inasoma papo hapo, na inachokikuta ni hali ya waya kabla ya jibu. Pigo la kumi, saa inashuka tena, na mikrokontrola inasoma biti ambayo iliwekwa kwenye pigo la tisa. Inaendelea hivyo, kila mara ikiokota biti ya nyuma, mpaka hesabu ya nane inatimia na biti ya mwisho ya jibu haijaokotwa. Kilichopatikana ni biti moja isiyojulikana, kisha 1110010. Waya ukiwa ulikuwa chini, ni 0x72. Ukiwa ulikuwa juu, ni 0xF2. Mtu akikuonyesha moja ya namba hizo mbili kutoka kwenye ADXL345, unaweza kumwambia tatizo lake bila kugusa ubao.

Hali ya 1 ina hatari ya namna nyingine. Mikrokontrola inaweka biti saa inapopanda, na chipu inasoma saa inapopanda. Biti ya kwanza ya ombi haijafika kwenye waya chipu inaposoma, kwa hiyo safari hii linalosogea ni ombi lenyewe. 0x80 ni 10000000. Ikisukumwa kulia huku waya ulikuwa chini, inakuwa 01000000. Itazame kwa maana yake: biti ya mbele sasa ni sifuri, na ile moja imeingia kwenye nafasi ya mfululizo. Ulitaka kusoma, chipu imesikia kwamba unataka kuandika. Anwani sifuri haikubali kuandikwa, hivyo hapa hakuna kilichoharibika, na fundi anaona 0x00 au 0xFF tu. Lakini fikiria chipu ya kumbukumbu au chipu ya kuongoza mota, ambayo ombi lililosogea kwa biti moja linaweza kuwa amri nyingine kabisa. Ndiyo maana sipendi kabisa ile desturi ya kujaribu hali zote nne moja baada ya nyingine mpaka kitu kifanye kazi. Detashiti iko, na kuisoma mchoro wake ni kazi ya dakika chache.

Desturi hiyo ina ubaya mwingine mkubwa zaidi: hali isiyo sahihi inaweza kufanya kazi. Tumeona ombi likifika salama katika hali ya 2 kwa sababu tu mikrokontrola ilichelewa kidogo. Biti inaposomwa na kubadilishwa kwa tukio moja, matokeo yanaamuliwa na nani kachelewa, na ucheleweshaji hubadilika kwa joto, kwa urefu wa waya, na kwa chipu moja hadi nyingine hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Kifaa kinasoma vizuri mezani, kinafungwa kwenye pampu juani, na kinaanza kutoa namba za uongo mchana tu. Ukiona kosa linalokuja na joto au linaloondoka ukigusa waya wa saa kwa kidole, rudi kwenye CPHA kabla hujalaumu solda.

CPOL nayo ina mtego wake, na detashiti ya ADXL345 inautaja. Inasema kwamba kama chipu imeshapewa umeme kabla mikrokontrola haijapangiwa CPOL na CPHA, basi CS ipandishwe juu kwanza ndipo mipangilio ibadilishwe. Sababu yake ni hii. Mikrokontrola inapowaka, mara nyingi waya wa saa uko chini. Ukiushusha CS wakati huo kisha ukaweka hali ya 3, saa itapanda kwenda mapumzikoni kwake, na chipu, ambayo tayari imechaguliwa, itaona kupanda kwa saa na kukuhesabia pigo ambalo hukulikusudia. Kuanzia hapo kila kitu kiko nyuma kwa biti moja.

Rudi kwenye programu yetu utazame mpangilio wa mistari: beginTransaction inatangulia, kisha ndipo CS inashushwa. Ukiigeuza mistari hiyo miwili umejitengenezea kosa hili kwa mkono wako. Lina alama yake ya kulitambua: jibu la kwanza baada ya kuwasha ni la uongo, na yote yanayofuata ni sahihi, kwa sababu mazungumzo ya kwanza yakiisha saa inabaki juu. Baadhi ya mikrokontrola huacha saa mahali ilipo mpaka baiti ya kwanza itumwe, hata kama mipangilio imeshaandikwa. Kwa hizo, tuma baiti moja ya bure CS ikiwa juu mara tu unapowasha. Chipu haitaisikia, na saa itakuwa imeshafika mapumzikoni.

Hapa inafaa kurudi kwenye ile jozi ya hali ya 0 na ya 3. Chipu za kumbukumbu za Winbond kama W25Q64 zinasema kwenye detashiti kwamba zinakubali zote mbili. Ukituma 0x9F kwa hali yoyote kati ya hizo, zinajibu EF, 40, 17. Hazijali saa inapumzika wapi. Zinachotaka ni kusoma inapopanda na kubadilisha inaposhuka. MAX31865, ambayo husomea vipimajoto vya platinamu, inakubali pia CPOL zote mbili, lakini kwa njia nyingine: inatazama saa iko wapi CS inaposhuka, na kujua hapo hapo mapumziko ni wapi. CPHA yake lazima iwe moja, kwa hiyo inakubali hali ya 1 na ya 3. Ukiwa na chipu hizi tatu kwenye nyaya zile zile, kila moja na CS yake, hali ya 3 inazitosheleza zote na huhitaji kubadilisha chochote katikati. Hilo huwezi kuliona kwa kukisia. Linaonekana ukiwa umeuliza kila detashiti swali lile lile.

Jihadhari pia na upande wa mikrokontrola. SPI haina kitabu kimoja cha sheria kinachofuatwa na viwanda vyote, na majina ya biti hutofautiana. CPOL na CPHA ni majina ya Motorola. Kwenye mikrokontrola za PIC utakuta CKP na CKE. CKP ni sawa na CPOL, ila CKE ni kinyume cha CPHA. Hali ya 3 kwenye PIC ni CKP = 1 na CKE = 0. MSP430 za Texas Instruments zina biti ya CKPH ambayo nayo imegeuzwa vivyo hivyo. Anayenakili namba kutoka mfano wa ubao mmoja kwenda mwingine bila kusoma maelezo ya biti hiyo anaingia moja kwa moja kwenye hali jirani, na tumeona hali jirani inavyofanya.

Ukishapata 0xE5, usiishie hapo, maana kusoma utambulisho kunapima safari ya jibu zaidi kuliko safari ya ombi. Ombi la 0x80 ni moja ikifuatwa na sifuri tupu, na biti ikipotea katikati ya sifuri saba huwezi kugundua. Chukua rejista inayoandikika ambayo haitumiki kwa sasa, kama 0x1D inayohifadhi kiwango cha kugongwa. Iandikie 0xA5, ambayo ni 10100101, kisha isome. Halafu iandikie 0x5A, kinyume chake, usome tena. Zikirudi zote mbili kama ulivyoziandika, mara nyingi mfululizo, njia ni safi kwenda na kurudi. Kama una analaiza ya lojiki, hata zile ndogo za bei nafuu zinatosha kwa megahezi 1: tazama kwamba saa iko juu CS inaposhuka, na kwamba kila saa inapopanda biti imeshatulia kwenye nyaya zote mbili za data. Programu ya analaiza yenyewe itakuuliza CPOL na CPHA, na ukiipa zisizo sahihi itakusomea uongo kwa uaminifu ule ule wa mikrokontrola, kwa hiyo amini mawimbi kuliko namba zilizoandikwa juu yake.

Baada ya hapo rudisha 0x1D kwenye sifuri, andika 0x08 kwenye rejista 0x2D ili chipu ianze kupima, na usome baiti sita kuanzia 0x32 kwa ombi la 0xF2, yaani kusoma, mfululizo, anwani 0x32. Kila mwelekeo una baiti mbili, ndogo ikitangulia. Kwa mpangilio ambao chipu huanza nao, mvutano wa dunia ni takriban 256. Laza kibao mezani bila kukigusa: mwelekeo wa Z utakuwa karibu na 256, X na Y zitakuwa karibu na sifuri. Kipindue, na Z itakuwa karibu na hasi 256. Zikitofautiana kwa namba chache au hata kumi na kadhaa, hiyo ni kasoro ya kawaida ya chipu yenyewe, na kuna rejista tatu za kuirekebisha kuanzia 0x1E. Zikiruka ovyo huku meza imetulia, au Z ikitoa karibu nusu au maradufu ya inavyopaswa, usianze kurekebisha hesabu kwenye programu. Weka tena kidole kwenye mchoro, pale CS inaposhuka.